Aliyelia na Asiyelia

Siku mbili baada ya tanuri kulipuka, Mama Mizani aliingia kwenye zahanati ya kiwanda amevaa viatu viwili tofauti, kimoja cheusi, kimoja cha buluu, wala hakuwa na habari. Alikaa pembeni mwa kitanda cha wagonjwa, mikono ikimtetemeka hata kikombe cha maji kikamgonga meno.

"Sista, naona nawehuka," alisema.

Sista ndilo jina walilompa muuguzi wa kiwanda, mwanamke wa miaka arobaini na ushee ambaye kabla ya kuja pale alikuwa amefanya kazi miaka kumi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Kilikuwa kiwanda cha nondo. Chuma chakavu kilimwagwa tanurini kwa kikapu cha kreni, kikayeyushwa, kikamiminwa kwenye ndoo kubwa kuliko gari dogo, kikabebwa na kreni kupita juu ya vichwa vya watu hadi kwenye kalibu za kukipa umbo. Siku ile chuma chakavu kilikuwa kimenyeshewa uani, na hakuna aliyekikagua. Maji yalipozama chini ya chuma kilichoyeyuka yaligeuka mvuke kwa kufumba na kufumbua, tanuri likatapika. Chapchap, fundi wa tanuri, alifia palepale. Mama Mizani, mpima uzito, alikuwa hatua kumi na tano kutoka pale, nyuma ya kioo.

"Usingizi sipati," aliendelea huku machozi yakimtiririka bila kuyafuta. "Nikifumba macho naona mwanga ule. Jana nimepika nikasahau kuwasha moto. Mwanangu ananisemesha, namsikia kama yuko ndani ya pipa. Nipe dawa ya usingizi, Sista, nilale hata wiki nzima."

Sista alimshika mkono. Hakumwambia ajikaze, wala hakumlazimisha asimulie alichokiona. Alimpima presha, akasikiliza, akangoja kilio kipungue chenyewe.

"Dawa ya usingizi sikupi," alisema. "Siku hizi za mwanzo haisaidii, na inaweza kukurudisha nyuma. Huwehuki, Mama Mizani. Umeona mtu akifa. Mwili wako unapiga kelele kwa sababu kuna sababu ya kupiga kelele. Nani yuko nyumbani?"

"Dada yangu amekuja."

"Basi kaa naye. Kula hata kama huna hamu. Ukitaka kuongea, ongea, usipotaka, nyamaza. Keshokutwa nitakuja kukuona. Kwa watu wengi hali hii hulegea ndani ya siku chache, kwa wengine wiki chache. Isipolegea, tutajua la kufanya."

Meneja hakuridhika. Mchana ule alisimama mlangoni mwa zahanati na karatasi mkononi, anataka muhuri. Yule mama, alisema, amepiga mayowe mbele ya wakaguzi, anatisha wenzake. Iandikwe kwamba ana ugonjwa wa akili, atafutiwe namna ya kuondoka.

"Siandiki ugonjwa kwa mtu wa siku mbili," Sista alijibu. "Huo si ugonjwa. Ni mshtuko."

"Mbona wengine hawakushtuka? Mtazame Tai. Ndiye aliyekuwa juu, ameona kuliko wote. Kesho yake alikuwa kazini."

Hilo lilikuwa kweli. Tai, dereva wa kreni namba mbili, ambaye jina lake hilo lilitokana na kukaa kwake juu mita kumi na mbili akitazama kila mtu utosini, hakudondosha chozi. Alibeba jeneza la Chapchap, rafiki yake wa miaka tisa. Alipoitwa zahanati alisimama wima kama askari.

"Niko fiti, Sista. Shughulika na akina mama."

Sista aliandika kwenye daftari: *Tai. Mtulivu. Aonwe tena wiki ya nne.*

Mama Mizani alilia wiki ya kwanza yote. Wiki ya pili alilia asubuhi tu. Wiki ya tatu alikuja kusimama getini, akarudi nyumbani. Kesho yake akaingia hadi kwenye mizani, akashika meza kwa mikono yote miwili, akabaki. Mwisho wa mwezi alikuwa analala, anacheka, anagombana na madereva wa malori kama zamani. Picha ya mwanga ule ilimjia mara mojamoja, alisema, lakini ilikuja kama kumbukumbu ya jambo baya, ikapita.

Na Tai? Wiki ya nne alituma ujumbe kwamba yuko zamu. Wiki ya sita alipita mbele ya dirisha la zahanati bila kusimama, akainua kidole gumba. Sista akaandika: *Amesema yuko fiti.* Kulikuwa na foleni siku ile, watu wa vikohozi na macho yaliyoingiwa na vumbi la chuma. Akafunga daftari.

*

Jumanne ya wiki ya kumi na moja, kazi ya asubuhi ikiwa imeshika kasi, mke wa Tai aliingia zahanati akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa mwanamke mwenye mwili mkubwa na sauti ya kuchangamka, lakini siku hiyo aliongea kama mtu anayeogopa kusikiwa na kuta.

"Sista, akijua nimekuja hapa sijui itakuwaje. Lakini nimefika mwisho."

"Kaa, shemeji. Kuna nini?"

"Mume wangu amekuwa mtu mwingine. Analala kidogo, kisha anaamka amelowa jasho chepechepe, anapiga kelele, 'Toka! Toka!' Nikadhani ni ndoto, ndoto zina mwisho. Lakini juzi nilikuwa napika mchana kweupe. Nimefunua sufuria, mvuke ukatoka, pssss. Sista, alinibeba juujuu akanitupa nje ya mlango! Ananitazama usoni lakini hanioni. Ananiita Chapchap. Aliponitambua alikaa chini akatetemeka kama kifaranga."

Kalamu ya Sista ilisimama. "Enhe. Na anamzungumzia marehemu?"

"Thubutu! Jina hilo halitajwi nyumbani. Amefuta picha zao zote kwenye simu. Redio ikianza habari ya ajali anaizima. Mpira wa Jumamosi ameacha, kwa sababu ile ndiyo timu waliyochezea wote wawili. Kuja kazini anazunguka uzio mzima aingie geti la nyuma, asipite mbele ya tanuri. Juu kule kwenye kreni, ananiambia, anatazama ndoo tu, hatazami chini pembeni."

"Na akiwa amekaa tu nyumbani?"

"Hakai! Lazima aone mlango. Mtoto akiangusha kijiko anaruka kama amepigwa risasi, halafu anamfokea mtoto hadi najiuliza huyu nimeolewa naye lini. Kila saa yuko macho, kama kuna mtu anakuja kutuua."

"Yalianza lini?"

"Wiki ileile. Nikasema yatapita. Kila mtu aliniambia yatapita."

"Yanapungua?"

Mwanamke alitikisa kichwa taratibu. "Yanazidi."

"Amewahi kusema hataki kuishi? Au kutaka kujidhuru?"

"Hapana. Alisema mara moja tu, 'Kikapu kile nilikimwaga mimi.' Nikamuuliza kikapu gani. Akatoka nje."

Sista alifungua daftari akakuta mwandiko wake mwenyewe. *Mtulivu. Yuko zamu. Amesema yuko fiti.* Yule aliyekuwa akilia, Sista alimfuata hadi nyumbani mara nne. Huyu alimwacha kwa sababu alisimama wima.

"Sasa hivi yuko wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Si yuko huko juu?"

Sista alimwomba mke wa Tai amngoje palepale, akatoka mbio kuelekea ofisi ya Meneja.

*

"Mtoe Tai kwenye kreni," alisema kabla hata ya kusalimia. "Sasa hivi. Kwa upole, kwa kisingizio chochote."

Meneja aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Tai? Sista, umekosea mtu. Yule ni roho ya chuma. Aliyekuwa mgonjwa ni Mama Mizani, na wewe mwenyewe ulikataa kuandika."

"Nilikataa kwa sababu ilikuwa siku ya pili. Leo ni wiki ya kumi na moja."

"Tofauti iko wapi? Kiwewe si kiwewe?"

"Tofauti ni muda huohuo." Alijilazimisha kuongea polepole. "Siku za mwanzo karibu kila mtu hutetemeka, halali, anaona picha, anaogopa. Mwili unatulia siku zinavyokwenda. Mama Mizani alitulia. Ikipita mwezi na mtu bado yuko palepale, au anazidi, hapo si mshtuko tena. Hapo ni maradhi. Tai hakumbuki ajali, Meneja. Anairudia. Kwake bado inatokea. Kila kinachoikumbusha anakikwepa, hata mimi amenikwepa. Na mwili wake unalinda mchana kutwa kana kwamba hatari iko mlangoni. Nyumba yake inavunjika. Na wewe umempa tani tano za chuma cha moto azipitishe juu ya vichwa vya watu."

"Mbona halii?"

"Nani amekwambia kilio ndicho kipimo?"

Meneja alinyoosha mkono kwenye simu. Kabla hajaishika, sauti ilipenya kwenye kioo cha ofisi, ndefu, kali, kama nyoka wa chuma. Pssssss. Kisha honi ya kreni ikalia, ikaendelea kulia bila kukatika.

Walikimbia wote wawili.

Kwenye karakana mpira wa maji ya kupozea ulikuwa umepasuka, maji yakirukia nondo za moto na kuwa mvuke mzito. Hakuna aliyeumia. Katika siku ya kawaida ni jambo la dakika tano: funga koki, badilisha mpira. Lakini juu, katikati ya njia yake, kreni namba mbili ilikuwa imesimama, ndoo iliyojaa ikining'inia, breki zimeishika. Honi ilikatika. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi. Tai alikuwa nje, kwenye njia nyembamba ya mafundi, mguu mmoja umeshavuka chuma cha kuzuia watu wasianguke.

"Chapchap!" alipaza sauti. "Toka hapo! Toka, nakuja!"

Chini yake palikuwa na mita kumi na mbili za hewa na sakafu ya zege.

Msimamizi wa zamu alikuwa ameng'ang'ania redio ya mkononi, uso umempauka. "Tai, acha ujinga! Rudi ndani! Wewe ni mwanaume, jikaze!" Wafanyakazi waliokwisha kusogea kando nao walikuwa wakipiga kelele, kila mmoja na lake.

"Nyamazeni," Sista alisema, kisha kwa nguvu ambayo hakujua anayo: "NYAMAZENI! Fungeni maji hayo. Watu wote watoke chini ya kreni." Alichukua redio. Aliiona redio nyingine ikiwa imebanwa kifuani mwa Tai.

"Tai. Ni Sista."

"Mwambie atoke!" Sauti ilikwaruza kwenye redio. "Yuko karibu na tanuri, mvuke unamfunika, hanisikii!"

Msimamizi alimnong'oneza sikioni, "Mwambie ametoka. Mdanganye, ashuke."

Sista alisita. Uongo ungekuwa mwepesi. Lakini mwanaume yule alikuwa amepoteza mahali alipo na siku aliyo, na jambo pekee alilohitaji lilikuwa kitu cha kweli cha kushika.

"Tai, mimi nimesimama hapa chini. Napaona. Mbele ya tanuri hakuna mtu. Hakuna mtu hata mmoja. Tanuri ni zima. Mvuke ni wa mpira wa maji, na umeshafungwa. Unasikia? Sauti imeisha."

Mguu uliokuwa umevuka ulitikisika hewani.

"Ni Jumanne, asubuhi. Zimepita wiki kumi na moja. Unachokiona kilitokea wakati ule. Sasa hivi hakitokei. Mkono wako wa kulia umeshika nini?"

Pumzi nzito zilisikika redioni. "...Chuma."

"Cha moto au cha baridi?"

"Cha baridi."

"Kishike kwa nguvu. Na wa kushoto. Vizuri. Nitazame mimi, usitazame mahali pengine. Nimevaa sweta la rangi gani?"

Muda ulipita ambao Sista hatausahau maisha yake yote. Mama Mizani alikuwa nyuma yake, ameuma kanga yake. Wanaume mia wamesimama kama waliopigwa misumari ardhini.

"Kijani," sauti ilisema. Kisha, ndogo zaidi: "Sista? Mimi niko wapi?"

"Uko kwenye kreni namba mbili. Uko nje ya kibanda. Rudisha mguu ndani, taratibu, usiache chuma. Hivyohivyo. Sasa kaa chini. Egemea ukuta wa kibanda."

Aliketi. Dereva wa kreni namba moja, aliyekuwa amepanda ngazi kimyakimya muda wote huo, alisimama mbali kidogo, akajitambulisha kwa jina kabla ya kumsogelea, akamfunga mkanda wa usalama kiunoni. Ndipo watu wakapumua. Chuma kilichokuwa ndooni kilikwisha kuganda juu. Walikimwaga shimoni kama takataka.

*

Tai alishuka akiwa amejifunika uso kwa kofia yake. Kule zahanati alimkuta mkewe, akageuka akitaka kutoka. Mkewe alimziba njia kwa mwili wake mkubwa.

"Huendi popote, baba. Leo huendi."

Akakaa. Alisema akitazama sakafu, "Mnadhani mimi ni kichaa."

"Sidhani," Sista alisema. "Una maradhi, na yana jina, na yanatibika. Kosa ni langu. Nilitazama nani analia, nikasahau kuuliza nani halali."

"Mama Mizani alilia, amepona. Mimi nilijikaza. Mbona mimi ndiye niliyeanguka?"

"Sijui, Tai. Hakuna anayejua kwa hakika kwa nini mmoja hutulia na mwingine hunasa. Wapo wanaolia wakapona, wapo wanaolia wasipone. Si suala la nani ana roho ngumu."

Siku iliyofuata Sista alimsindikiza hospitali kubwa. Daktari wa akili, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimuuliza maswali yaleyale na mengine mengi, akathibitisha kile ambacho Sista alikihofia, akamkabidhi kwa mwanasaikolojia. Kila Alhamisi, kwa muda wa saa moja na nusu. Tai alitakiwa kusimulia siku ile tangu alipoamka hadi alipofika nyumbani, kwa sauti, macho yamefumbwa, kisha arudie. Mara mbili za kwanza alitoka nje akatapika. Mara ya tatu alitaka kuacha kabisa. Mkewe alimkuta amekaa kituo cha basi, akampeleka kwa mkono kama mtoto wa shule. Wiki hizo ndoto zilizidi badala ya kupungua, na Sista alipigiwa simu na mke wa Tai, mwenye hasira, akiuliza ni matibabu gani haya ya kumwongezea mtu ugonjwa. "Yatakuwa hivi kwa muda," Sista alimwambia. "Usimwache aache."

Mara ya sita ndipo siri yake ilipotoka. Kikapu cha chuma chenye maji alikimwaga yeye tanurini, kwa kreni yake. Kutoka juu aliona uzi mwembamba wa mvuke. Aliona Chapchap akisogea kuchungulia. Akapeleka mkono kwenye honi, lakini haukufika. Miezi yote ile alikuwa ameishi ndani ya mkono ule.

Mwanasaikolojia hakumwambia "si kosa lako." Alimwomba apime kwa saa. Kutoka mvuke hadi mlipuko: sekunde moja, pengine moja na nusu. Aliyepakia kikapu alikuwa uani. Aliyepaswa kukagua hakukagua. Na mtu ambaye angesikia honi angehitaji muda wa kugeuka, na muda wa kukimbia. Tai alipima, akapima tena. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu amzike rafiki yake, alilia, na mkewe akampigia Sista kumpa habari kana kwamba ameshinda bahati nasibu.

Kwenye kreni hakurudi. Walimweka stoo ya vipuri, na baada ya miezi michache akaanza kupita geti la mbele, kwanza akiwa na Mama Mizani, ambaye alimwongelesha njia nzima habari za wakwe zake bila kumpa nafasi ya kuogopa, kisha peke yake. Mvuke bado unamshtua. Tofauti ni kwamba anashtuka, anatazama, anajua ni mvuke.

Mwezi wa tisa baada ya ajali alimwomba Sista amsindikize mahali, yeye na mkewe. Walikwenda nyumbani kwa mjane wa Chapchap, chumba na sebule juu ya duka la cherehani. Mjane aliwakaribisha bila uchangamfu. Tangu mazishi rafiki huyu wa mumewe hakuwahi kukanyaga pale. Aliwaletea chai. Halafu akauliza jambo ambalo kiwanda hakikuwahi kumwambia.

"Wewe ulikuwepo. Mume wangu alikufaje?"

Sista aliona mabega ya Tai yakipanda, akaiona mikono yake ikitafuta kiti. Alijizuia kusema chochote.

"Ilikuwa Jumatano," Tai alianza. "Tulifika mapema. Alikuwa na koti jipya, akawa anatuonyesha." Sauti ilikatika, akaendelea. Alisimulia kuhusu kikapu, uzi wa mvuke, mkono, mwanga, moja baada ya jingine, na kila jambo lilikaa katika wakati uliokwisha kupita. Mjane alilia. Naye akalia. Hakuna aliyekimbilia mlango.

"Aliteseka?" mjane aliuliza.

"Hapana. Ilikuwa haraka mno. Hata mimi sikuwahi honi."

Mjane aliweka kikombe chake chini. Kisha akavuta kiti chake, akakisogeza karibu na cha Tai, akamwambia asimulie tena, lakini safari hii aanzie kwenye lile koti.